Vinywa Vitano, Kauli Moja: Sukari Guru ya Muhoroni Yatafuta Lugha ya Kusemea

Mpelekee mpishi wa kashata wa Mombasa pakiti iliyoandikwa "sukari nguru", naye atakuuliza kama ndani yake mna sukari au mna samaki. Kwetu Pwani nguru ni samaki, tena samaki wa heshima, na sukari ile ya mabonge mekundu tunaiita sukari guru. Lakini huko bara, hasa katika nchi ya miwa iliyo karibu na Ziwa, watu wengi husema "sukari nguru" pasipo kuona tatizo lolote. Herufi moja tu imeongezeka, na maana imehama kutoka jikoni kwenda baharini.

Msomaji mpenzi, herufi hiyo ndiyo iliyonifikisha Muhoroni. Huko nilikuta kikundi cha watu watano wanaokamua miwa na kuchemsha sukari guru, ambao sehemu kubwa ya mali yao huuzwa Mombasa, Malindi na Lamu. Waliniita, mimi niliyefundisha Kiswahili miaka mingi, nikawasahihishie maneno ya pakiti. Tulipoketi ikadhihirika kwamba pakiti ni jambo dogo. Walichokosa ni kauli: namna moja ya kusema, itakayomfanya mteja ajue kuwa anayezungumza naye leo ni yule yule wa jana, ingawa aliyeshika kalamu ni mwingine.

Makampuni makubwa hulipa watu fedha nyingi kuandikiwa mwongozo wa namna hiyo, nao aghalabu hutoka kitabu kizito ambacho hakuna akisomaye. Hapa nitaeleza jinsi watu watano walivyoupata wao katika ukurasa mmoja, na neno ambalo karibu liwagawanye.

MJI WA MIWA

Muhoroni uko mashariki ya Kisumu, penye reli, pale uwanda wa Kano unapokaribia milima ya Nandi. Ni nchi ya miwa tangu zamani. Kiwanda cha Miwani kilianza mwaka 1922, cha Muhoroni kikafuata mwaka 1966, na cha Chemelil mwaka 1968. Pembeni mwa viwanda hivyo wapo wakamuaji wadogo wasiotengeneza sukari nyeupe. Wao huikamua miwa kwa kinu cha mashine, huchuja maji yake, huyachemsha katika karai pana la wazi, hutia chokaa kidogo ili uchafu upande juu kama povu, huliengua povu hilo, kisha huendelea kuchochea mpaka maji yawe mazito ya kuweza kumiminwa katika vibao na kuganda. Kiasi cha kilo kumi za miwa hutoa kilo moja ya sukari guru, ikizidi au ikipungua kidogo kwa kadiri ya utamu wa muwa.

Kikundi nilichokikuta kilikuwa na mama mmoja mtu mzima anayesimamia karai, kijana wa kinu, binti anayefunga pakiti, bwana mmoja wa hesabu na madeni, na kijana wa simu anayejibu wateja. Wote watano walikuwa wakiandika. Mama alitoa maneno ya pakiti kwa mdomo, na binti akayaandika. Bwana wa hesabu alituma barua za madeni. Kijana wa simu aliandika ujumbe mchana kutwa, na alipokuwa safarini kijana wa kinu alimshikia zamu.

HATUA YA KWANZA: KUKUSANYA

Watu wengi wakitaka mwongozo wa namna hii huanza kwa kuulizana, "Sisi tunataka kuonekana vipi?" Hapo kila mmoja hutaja sifa nzuri, na mwisho hupatikana orodha ya sifa ambazo hata jirani yao angezitaja. Nikawaomba tuanze upande wa pili. Tukakusanya kila kitu walichokwisha kuandika katika miezi mitatu: pakiti, stakabadhi, kibao cha mlangoni, barua za madeni, na ujumbe wa simu uliotumwa kwa wateja, ambao binti aliunakili katika daftari. Vyote tukavitandaza mezani.

Kisha kila mtu akasoma kwa sauti maandishi ya mwenzake. Hapo kicheko kikaja, na baada ya kicheko kimya. Kijana wa simu alikuwa akimwita mteja "mkubwa" na "boss wangu". Bwana wa hesabu alimwandikia mteja huyo huyo, siku hiyo hiyo, "LIPA DENI LAKO LEO" kwa herufi kubwa tupu. Pakiti nayo ilipiga kelele kama mnadani. Nakumbuka maneno yake yote:

"SUKARI NGURU ASILIA! Bora kuliko zote! Haina kemikali! Dawa ya damu. Salama kwa wagonjwa wa kisukari. Halali asilimia mia."

Mama wa karai, ambaye katika maisha yake sikumsikia akipaza sauti, akasema, "Mwalimu, huyu anayesema hapa si mimi. Huyu ni mtu wa sokoni anayekimbiza gari."

Nikamwambia kwamba neno hilo ndilo mwanzo wa kazi yetu. Kauli haibuniwi. Huwa tayari imo katika kazi na katika watu wake, na kinachotakiwa ni kuitambua, kuiandika na kuondoa yaliyo kinyume chake. Katika yale maandishi ya mezani yalikuwapo mawili matatu ambayo wote waliyapenda, na mojawapo lilikuwa jibu la mama mwenyewe kwa mteja wa Malindi aliyelalamika kwamba sukari yake imelainika. Alikuwa amemwandikisha binti hivi: "Hewa ya bahari ina maji, na sukari hii huyanywa. Itie katika chombo chenye kifuniko. Iliyokwisha kulainika si mbovu, itumie kwanza." Maneno machache, hakuna kujitetea, na mteja amepata la kufanya. Tukasema: hii ndiyo kauli.

SIFA TATU, NA MPAKA WA KILA MOJA

Kutokana na jibu hilo tukaandika sifa tatu tu. Lakini sifa pekee haimsaidii mwandishi, kwani kila mtu huielewa apendavyo. Ukimwambia kijana "uwe na adabu", atajaza barua yake "mheshimiwa" na "tunakunyenyekea" mpaka mteja aone haya. Kwa hiyo kila sifa tukaiwekea mpaka, mahali ambapo ikivuka huwa kosa.

Ya kwanza: tunasema wazi, lakini hatusemi kwa ukavu. Ya pili: tuna adabu, lakini hatujipendekezi. Ya tatu: tunaijua kazi yetu, lakini hatujisifu.

Yalitolewa maneno mengine. Kijana wa kinu alitaka "bora", na bwana wa hesabu alitaka "waaminifu". Tukayapima kwa swali moja: je, yuko mshindani wetu ambaye angesema kinyume cha neno hili? Hakuna muuza sukari atakayeandika kwamba yake ni duni, wala atakayejiita mwongo. Neno ambalo kila mtu angeliandika halimtofautishi mtu na mtu. Lakini wako wengi wanaojisifu, na wengi wanaojipendekeza. Aliyechagua kutofanya hivyo amechagua jambo, na mteja ataliona.

KAULI NI MOJA, SAUTI HUPANDA NA KUSHUKA

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kauli ya mtu ni ile ile kila siku, ila sauti yake hubadilika kwa kadiri ya mahali. Mtu mpole hubaki mpole harusini na matangani, lakini hasemi harusini kama asemavyo matangani. Mwongozo unaosema "tuwe wachangamfu daima" humfanya mwandishi achangamke hata mbele ya mteja aliyepata hasara.

Basi tukaandika nyakati nne ambazo kikundi husema na mteja: anapouliza, anapodaiwa, anapocheleweshewa, na anapolalamika. Kila moja tukaiwekea sauti yake na mfano mmoja uliokamilika. Nitautoa mfano wa kuchelewa, maana ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi.

Ujumbe wa zamani ulikuwa hivi: "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Mzigo wako utafika hivi karibuni inshaallah. Asante kwa uvumilivu wako."

Usome tena, msomaji, uone usivyosema kitu. Mteja hana jina. Usumbufu "umejitokeza" wenyewe, kana kwamba hakuna aliyeusababisha. "Hivi karibuni" si siku. Na mtu anashukuriwa kwa uvumilivu ambao hakuutoa bado.

Likabaki neno la mwisho, na hili nililisemea mwenyewe, kwa kuwa wenzangu wa Pwani watalielewa. Kikundi hiki karibu wote ni Wakristo, na kijana wa simu alitia "inshaallah" kwa nia njema, akidhani ndivyo wateja wapendavyo. Nikamweleza kwamba Mwislamu hulitamka neno hilo juu ya jambo analolikusudia kweli, akikiri kwamba amri si yake. Likiwekwa mahali pa tarehe, mteja hulisikia kuwa ni udhuru uliovaa kanzu. Taja kwanza siku yako uliyoikusudia. Mteja akitaka kuongeza inshaallah, ataiongeza mwenyewe.

Ujumbe mpya ukawa hivi, na jina la mteja likitangulia: "Hujambo. Mzigo wako wa mabonge arubaini haukuondoka Jumatatu kama tulivyoahidi, kwa sababu mvua imezuia miwa kutoka shambani. Utaondoka Alhamisi asubuhi, na tunautarajia Mombasa Ijumaa saa kumi jioni. Kama ni kuchelewa mno kwako, tuambie leo turudishe fedha zako. Tumekosea kutokukuarifu mapema."

Mpangilio wake ndio uliowekwa katika mwongozo: kilichotokea, sababu kwa sentensi moja, siku mpya, hiari ya mteja, kisha kukiri. Kukiri kumewekwa mwisho kwa makusudi. Mtu aliyengojea mzigo hutaka kwanza kujua mzigo uko wapi, na pole iliyotangulizwa humchelewesha.

Kwa deni, sheria ilikuwa fupi. Kiasi na tarehe hutajwa mara moja, herufi kubwa hazitumiki, na habari ya deni haipelekwi kamwe katika simu ya jumla inayosomwa na wateja wengi. Pwani au bara, aibu ya mtu haipigiwi tarumbeta.

MANENO YETU

Sehemu ya pili ya ukurasa ni msamiati, yaani maneno ambayo wote watano wameafikiana kuyatumia kwa kitu kile kile. Si kamusi. Maneno ya kawaida hayahitaji kuandikwa humo, bali yale tu ambayo watu wawili wa kikundi wangeyasema kwa namna mbili.

La kwanza lilikuwa "sukari guru". Kijana wa kinu alipinga. Akauliza, "Mwalimu, wateja wetu wa Kisumu wanasema nguru. Tuwaache?" Swali lake lilikuwa la haki. Tukakata shauri kwamba maandishi yote yataandika "sukari guru", kwa sababu ndilo jina lililomo katika kamusi na mtu wa Kisumu akilisoma analielewa, ilhali mtu wa Pwani akisoma "nguru" anapotea. Mdomoni, mlangoni pao, kila mtu aseme alivyozoea. Mwongozo hutawala maandishi, hautawali ndimi za watu.

La pili lilikuwa vile vipande vidogo vya sukari vinavyouzwa kwa ajili ya kahawa. Wao waliviita "vidonge". Kwa umbo lake si kosa, lakini kidonge ni kitu cha hospitali, na katika pakiti iliyokuwa tayari ikijiita dawa, jina hilo lilizidisha ukungu. Likawekwa "kipande", na kile kikubwa "bonge".

La tatu lilikuwa saa. Waliandika "8:00" wakimaanisha saa mbili asubuhi, na dereva mmoja alikuwa amekwisha kulisoma kuwa saa nane. Tangu hapo huandika saa kwa maneno pamoja na wakati wake: saa mbili asubuhi, saa kumi jioni.

La nne ni la sarufi. Katika daftari la binti palijaa "tuko na sukari" na "mzigo iko njiani". Tukaandika sentensi sita tu walizozikosea mara kwa mara, kila moja na usahihi wake kando: tunayo sukari, mzigo uko njiani, na kadhalika. Kufundisha sarufi yote katika ukurasa mmoja ni kujidanganya, lakini sentensi sita ambazo hutumika kila siku zaweza kushikika.

Kijana wa simu akatoa shauri lililonipendeza, nalo nikalikataa. Alitaka kuandika Kimvita, ili wateja wajione wako kwao. Nikamwambia kwamba lafudhi ya mtu ni kama vazi lake, na ukivaa la mwenzio usilolijua kulifunga, watu hawatasema umependeza, watasema umeigiza. Kiswahili sanifu kilicho safi kinatosha, nacho hakimfichi asemaye alikotoka. Sukari ni ya Muhoroni, na kauli iwe ya Muhoroni.

Hivyo hivyo kwa salamu. Waliuliza kama waandike "Assalaam alaikum" juu ya pakiti. Nikawaambia kuwa salamu hiyo ni dua baina ya watu, na ikichapwa juu ya bidhaa huonekana imetiwa ili kuuza. Ikakubaliwa kwamba wao huanza kwa "hujambo", na mteja akiwaamkia kwa salamu yake wamjibu kwa heshima, bila kuigeuza kuwa pambo.

MANENO YALIYOFUNGIWA MLANGO

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoleta joto. Kila neno linalokatazwa lilipaswa kuwa na mambo mawili kando yake, sababu na badala yake. Ukimkataza mtu neno bila kumpa jingine, atalirudia siku ya haraka, kwani haja yake ya kusema bado ipo.

"Bora kuliko zote" lilitoka bila ubishi. Badala yake, taja jambo linaloonekana: karai la wazi, povu lililoenguliwa, siku iliyochemshwa.

"Haina kemikali" lilitaka maelezo. Mama alilipenda. Nikamuuliza kama hatii chokaa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Natia, lakini chokaa ni ya kusafisha." Ni kweli, na ni desturi ya watengenezaji wengi wa sukari guru, lakini mteja aliyesoma "haina kemikali" kisha akasikia habari ya chokaa atadhani amefichwa jambo baya, ilhali hapakuwa na baya la kuficha. Badala yake wakaandika wazi: imesafishwa kwa chokaa ya chakula.

"Halali asilimia mia" lilikuwa zito zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mtu wa Pwani ana sababu ya kuuliza. Muhoroni kuna kiwanda kilichojengwa kutengeneza spiriti na hamira kutokana na molasi, yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishatolewa, na sukari guru yenyewe hununuliwa na wapishi wa chang'aa. Maji ya muwa yaliyochemshwa na kuganda hayana neno, lakini kuandika "halali" ni kutoa ushahidi, na ushahidi una wenyewe: yako mashirika ya Waislamu ambayo hukagua na kutoa vyeti. Kikundi hiki hakikuwa kimekaguliwa. Basi neno likafungiwa mpaka siku watakapokuwa na cheti mkononi, na badala yake wakaruhusiwa kusema wanachokijua wenyewe: ndani mna muwa na chokaa tu, na makarai haya hayatumiki kwa kitu kingine.

Likabaki la kisukari.

Bwana wa hesabu alisimama. Akasema kwamba mstari huo ndio unaouza, kwamba wateja wengi wa Mombasa hupiga simu kwa ajili yake, na kwamba kuufuta ni kujikata mguu. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini, kama waaminivyo wengi, kwamba sukari nyekundu haina madhara kama nyeupe. Lakini jambo lenyewe si hivyo. Sehemu kubwa ya sukari guru ni sukari ile ile iliyomo katika nyeupe. Madini machache iliyobaki nayo hayaizuii kupanda katika damu. Mgonjwa akiila akidhani ni salama atatia vijiko viwili mahali pa kimoja. Na katika Kenya, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kutangaza chakula kwa namna ya uongo au ya kupotosha.

Sheria haikumtikisa. Kilichomtikisa ni daftari la binti. Tulifunua ujumbe wa mteja mmoja wa Mombasa, aliyeuliza kiasi gani ampe mamake mwenye kisukari kila siku "kwa kuwa ni dawa". Kijana wa kinu, aliyekuwa zamuni, alijibu kwa kuitazama pakiti: vipande viwili asubuhi na viwili jioni. Alipousikia ujumbe wake ukisomwa, kijana aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu, maana yeye alisema kilichoandikwa. Hilo ndilo liwezalo kutokea neno likiandikwa na mmoja na kujibiwa na mwingine: kosa la pakiti huwa shauri la mganga.

Siku ile ile bwana wa hesabu ndiye aliyepiga simu Mombasa, akaomba radhi na kumsihi mteja asimpe mamake sukari ile kama dawa, na ampeleke kwa daktari wake. Kisha akaja mwenyewe akaukata ule mstari kwa kalamu. Wakaafikiana pia kwamba swali lolote la ugonjwa lina jibu moja tu, ambalo kila mtu wa zamu atalinakili neno kwa neno: "Hii ni sukari, nasi si waganga. Tafadhali muulize daktari wako."

Pakiti mpya ikasomeka hivi: "SUKARI GURU YA MUHORONI. Maji ya muwa yaliyochemshwa katika karai la wazi mpaka yakaganda, na kusafishwa kwa chokaa ya chakula. Kilo moja. Weka mahali pakavu, katika chombo chenye kifuniko. Hii ni sukari: mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine."

UKURASA UNAVYOTUNZWA

Mwongozo wote uliingia katika ukurasa mmoja, ukabandikwa mahali matatu: penye simu, penye meza ya hesabu, na penye kufungia pakiti. Ukizidi ukurasa hautasomwa na mtu mwenye mikono ya kunata. Juu yake imeandikwa tarehe, ili wa zamani usije ukachanganywa na mpya, na binti ndiye mlinzi wake. Yeye si hakimu wa kila sentensi. Kazi yake ni kuandika nyuma ya ukurasa kila neno jipya lililozusha ubishi, na kila baada ya miezi mitatu watano huketi wakayaamua. Neno lisilozusha ubishi halipewi nafasi.

Namna ya kupima kama ukurasa unafanya kazi ni rahisi. Chukua ujumbe watano, mmoja wa kila mtu, ziba majina, umpe mtu wa sita aseme ni waandishi wangapi. Mwezi wa kwanza jirani yao mwenye duka alisema ni watu wanne. Nilipoondoka alikuwa akisema wawili: mmoja wa kawaida, na mwingine "anayependa nukta". Huyo ni bwana wa hesabu, na nukta zake wakamwachia. Kauli moja haina maana ya kumfuta mtu.

Mipaka yake nayo wameifahamu. Ukurasa hauwezi kuifanya sukari iliyoungua isiwe imeungua, wala kuisukuma lori ifike Ijumaa. Tena mauzo ya Mombasa yalipungua baada ya mstari ule kufutwa, kama bwana wa hesabu alivyobashiri, na baadhi ya wateja waliuliza kwa nini dawa imegeuka sukari. Kila aliyeuliza alijibiwa kwa maneno yale yale, awe amejibiwa na nani kati ya wale watano.

Nyuma ya ukurasa, mara ya mwisho nilipouona, binti alikuwa ameandika neno moja linalongojea kikao: "tende". Mteja wa Lamu ameuliza kama wanaweza kuchanganya sukari guru na tende kwa ajili ya Ramadhani, na kijana wa simu anataka kuiita "futari tayari". Mama wa karai hajakubali. Anasema kwanza aione imeganda.